Jinsi ya kumweleza D.O. sura ya nyumba kwa mpango wa taifa: lengo kando, mkakati kando, pesa kando

Kuna D.O. mmoja wa huku Eastlands aliniita ofisini kwake, alikuwa amehamishiwa Nairobi hata mwezi haujaisha, akanisukumia karatasi za sura ya nyumba ya ule mpango wa taifa na kuniambia, "Alhamisi niko na baraza na hawa watu kazi yao ni kuniuliza nyumba. Nieleze kwa lugha ya mtu." Mimi nikajifanya mjanja nikamwandikia muhtasari wa kurasa sita. Alhamisi akasimama, akasoma kwa sauti kwamba serikali inajenga nyumba elfu mia mbili hamsini kila mwaka, na mama mmoja aliyekaa mbele kabisa akauliza, "Na hapa kwetu ni ngapi?" Kimya. Chifu ndo alimwokoa kwa kuingiza mambo ya takataka na mitaro.

Nilirudi nyumbani nikasoma tena ule muhtasari wangu na nikaona kosa ni langu. Nilikuwa nimemwaga kila kitu chungu kimoja: idadi ya nyumba, vile zitajengwa na pesa itatoka wapi, yote kwa sentensi moja, vile tu mpango wenyewe umeandikwa. Tangu siku hiyo nimeifanya hii kazi mara kadhaa na sasa niko na njia yangu, nitaieleza hapa nikitumia hiyo hiyo sura ya nyumba juu ndo inaulizwa sana hapa Nairobi.

Kabla ya kufungua karatasi, jua D.O. anaitaka ya nini

Cheo siku hizi ni kamishna msaidizi wa kaunti lakini nani anasema hivyo mtaani, ni D.O. tu. Yeye ni mtu wa serikali ya kitaifa. Hajengi nyumba, halipi mkandarasi, hana hata shilingi ya mradi wa nyumba kwa ofisi yake. Kazi yake ni kuratibu, kukaa na machifu na manaibu wao, kusuluhisha watu wakigombana kuhusu ploti, na kusimama mbele ya watu kueleza serikali inafanya nini. Kwa hivyo usimpe somo la uchumi. Anahitaji kujua vitu vitatu ambavyo ataulizwa: ni ngapi na lini, nani anafanya nini, na pesa ni ya nani. Hayo maswali matatu ndo lengo, mkakati na chanzo cha pesa, ila yeye hatayaita hivyo na watu wa baraza pia hawatayaita hivyo.

Pia mwambie mapema ameshika karatasi gani. Ruwaza ya 2030 ndo ile ndoto kubwa, na inatekelezwa kwa vipande vya miaka mitano mitano vinavyoitwa Mipango ya Muda wa Kati. Tuko kwa cha nne, wengi wanakiita MTP IV. Kwa jalada imeandikwa 2023 hadi 2027, lakini mwaka wa pesa wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwa hivyo mwaka wake wa mwisho wa pesa ni 2027/28. Inaonekana kitu kidogo hadi siku mtu akuulize "mmebakisha miaka mingapi" na D.O. apunguze mwaka mzima bila kujua.

Hatua ya kwanza: printi, tafuta kalamu tatu za rangi, na usianzie mwanzo

Sura za hii mipango zinafanana. Mwanzo ni hali ilivyo, halafu changamoto, halafu programu na miradi, halafu sheria na sera zinazotakiwa kubadilishwa. Kuna pia jedwali la utekelezaji, ambalo limeweka mradi, kazi yenyewe, kipimo, nani anafanya, muda, chanzo cha pesa na makadirio ya pesa. Wewe anzia kwa jedwali. Maneno ya mbele yameandikwa na watu wanaojua kuandika vizuri, jedwali limeandikwa na watu waliolazimishwa kujaza kisanduku, na kisanduku hakidanganyi kirahisi, kikiwa tupu utaona kiko tupu.

Ukimaliza jedwali ndo urudi kwa maneno na kalamu zako. Mimi natumia kijani kwa lengo, njano kwa mkakati, waridi kwa pesa. Rangi ni shauri yako, bora usibadilishe katikati.

Hatua ya pili: pasua sentensi

Hapa ndo kazi ilipo kwa hivyo nitakaa kidogo. Chukua sentensi kama hii, nimeitunga mwenyewe ila huo mtindo utaukuta kila ukurasa:

"Serikali itawezesha upatikanaji wa nyumba 250,000 za bei nafuu kila mwaka kupitia ushuru wa nyumba, ardhi ya umma na ushirikiano na sekta binafsi, ili kupunguza uhaba wa makao mijini."

Ukiisoma haraka inasikika kama ahadi moja. Zimo tano au sita.

Uliza swali la kwanza: mwaka ukiisha naweza kuhesabu hiki kitu? Nyumba 250,000 kila mwaka, ndio, naweza kuhesabu. Hiyo ni kijani, lengo. "Kupunguza uhaba wa makao", hapana, kupunguza kutoka wapi hadi wapi? Haina namba wala tarehe. Hiyo si lengo, hiyo ni nia, na nia usiipake rangi yoyote. Ma-D.O. wanapenda sana kusoma nia kwa baraza juu inasikika tamu, na hakuna kitu inajibu.

Swali la pili: kuna mtu wa kuamka asubuhi afanye hiki kitu? Kutenga ardhi ya umma, kuna mtu wa kufanya hivyo, ni njano. Kuingia mkataba na wajenzi binafsi, njano pia.

Swali la tatu: hiki kitu kinaweza kuingia kwa akaunti ya benki? Ushuru wa nyumba, ndio. Waridi.

Halafu kuna zile za kuchanganya. Ushirikiano na sekta binafsi unasikika kama mkakati na ni mkakati kweli, lakini ndani yake kuna pesa imejificha, juu mjenzi anakuja na mtaji wake na atataka kuurudisha na faida. Hiyo ipake rangi mbili. Ardhi pia hivyo hivyo: kuitenga ni kazi, na thamani yake ni mchango wa serikali kwa mradi hata kama hakuna noti imehesabiwa. Mimi naandika pembeni "ardhi, si pesa taslimu" ili D.O. asiseme kwa baraza kwamba serikali imetoa bilioni fulani kumbe ilitoa shamba.

Sasa rudi kwa lile neno dogo la mwanzo, "itawezesha". Mimi nililiruka mara ya kwanza na ndo lilinichoma. Kuwezesha si kujenga. Nikiwezesha wewe upate nyumba inaweza kuwa nimejenga, inaweza kuwa nimempunguzia mjenzi gharama, inaweza kuwa nimekutafutia mkopo wa riba ndogo. D.O. wangu alisoma "inajenga" juu mimi ndo niliandika "inajenga". Zungushia duara kila kitenzi cha serikali, kujenga, kuwezesha, kuhamasisha, kuimarisha, kuratibu, halafu mwambie D.O. tofauti yake kwa mdomo. Kati ya vyote, kujenga ndo kitenzi watu wa baraza wanaweza kukudai siku moja.

Hatua ya tatu: lengo lipimwe kabla halijatoka kwa mdomo wa D.O.

Namba ya nyumba 250,000 kwa mwaka ilianzia kwa manifesto ya uchaguzi wa 2022, na kwa hotuba utasikia pia 200,000. Usibishane na mtu hapo. Chukua iliyo kwa nakala uliyonayo, andika na ukurasa, ikibidi D.O. aseme "ukurasa fulani umesema hivi" badala ya kusema mimi nimesema. Kwa mifano hapa nitaendelea na 250,000, kama yako ni tofauti badilisha tu hesabu.

Kuna namba nyingine ilitembea pamoja na hiyo, kwamba nyumba za bei nafuu zitoke asilimia 2 hadi asilimia 50. Nimesikia mtu mzima na suti yake akieleza hii kama nusu ya Wakenya watapata nyumba. La. Ni asilimia ya nyumba mpya zinazojengwa, yaani kwa kila nyumba mpya 100, badala ya 2 kuwa za bei nafuu ziwe 50. Ukiona asilimia yoyote kwa mpango, kabla ya kitu kingine andika "asilimia ya nini" pembeni yake. Kama huwezi kujaza hiyo, usimpe D.O.

Lingine ni hatua ya nyumba. Imepangwa, imeanza kujengwa, imekamilika, imehamiwa. Hizo ni hesabu nne tofauti na ripoti zinapenda kurukaruka kati yake. Angalia Mukuru hapa kwetu, Mei 2025 zilitolewa funguo za nyumba 1,080. Hizo ni za kuhamiwa. Mradi mzima wa hapo una nyumba nyingi kuliko hizo mara kadhaa. D.O. wa karibu na hapo akisema 1,080 yuko salama, juu hata ukimpeleka mtu pale atahesabu milango, lakini akisoma namba ya mradi mzima kana kwamba watu wako ndani, jirani wa pale atamcheka.

Na sasa lile swali la yule mama, hapa kwetu ni ngapi. Ukweli ni kwamba lengo la kitaifa haligawanyiki kwa hesabu ya kugawa. Usichukue 250,000 ugawe kwa kaunti 47 upate 5,300 na kitu halafu umpe D.O. kama mgao wake. Nimeona ikifanywa. Mradi unaenda mahali kuna ardhi isiyo na kesi, na maji taka yanaweza kupita, na kuna mkandarasi. Kwa hivyo lengo la taifa liandike juu, halafu chini yake chora mstari na uandike miradi iliyo ndani ya mipaka ya D.O. kwa majina, na kila mmoja uko hatua gani kati ya zile nne. Kama hakuna mradi, andika "hakuna". D.O. akijua hakuna, anaweza kusema hakuna bila kutoa jasho.

Hatua ya nne: mkakati bila mwenyewe ni hadithi

Hapa sikai sana. Kwa kila kitu cha njano andika nani anafanya. Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, Shirika la Nyumba la Taifa, serikali ya kaunti, mjenzi binafsi. Ukikosa jina, weka alama ya kuuliza na uiache hivyo.

Cha kuangalia sana ni mpaka wa kaunti na taifa. Kwa Jedwali la Nne la Katiba, sera ya nyumba ni ya serikali ya kitaifa, lakini mipango na maendeleo ya kaunti, pamoja na nyumba, ni ya kaunti. Ndo maana Nairobi utakuta ploti mbili zimeangaliana, moja ya mradi wa kitaifa na ya pili ni estate ya zamani ya kaunti inayovunjwa na kujengwa upya kama ilivyokuwa Pangani, ambapo kaunti ilileta ardhi na mjenzi binafsi akaleta mtaji. Mwananchi anaona jengo refu tu. D.O. akilaumiwa kwa la kaunti lazima ajue kusema hilo si langu ila mlango wa kugonga ni ule, na aseme bila kuanzisha siasa. Mpe hiyo sentensi kabisa, imeandikwa, asianze kuitafuta akiwa amesimama juani.

Hatua ya tano: pesa, na hapa usikimbie

Kitu cha kwanza kumwambia D.O. kuhusu safu ya pesa kwa mpango ni kwamba hayo ni makadirio. Mpango si bajeti. Mpango unasema tungependa kutumia hivi. Kufika Februari tarehe 15 Hazina inatakiwa iwe imepeleka Bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti, kufika tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yenyewe, Bunge likipitisha ndo kuna ruhusa ya kutumia, na hata ruhusa bado si pesa, juu Hazina lazima iiachilie na Msimamizi wa Bajeti aidhinishe itoke. Halafu katikati ya mwaka inaweza kuja bajeti ya ziada ikapunguza. Kwa hivyo kwa kila mstari wa waridi mimi naweka visanduku vitatu: mpango unasema ngapi, Bunge limepitisha ngapi, imetoka ngapi. Cha pili unakipata kwa makadirio ya bajeti chini ya voti ya idara, ya nyumba ni Voti 1094, na cha tatu kwa ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ambayo inatoka kila robo mwaka. Visanduku viwili vya mwisho vikiwa vidogo kuliko cha kwanza, D.O. amejua kwa nini tingatinga limesimama bila kumwuliza mtu.

Kitu cha pili ni kutofautisha mifuko, juu kwa mtaa yote inaitwa "pesa ya serikali".

Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara mzima kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri, KRA inakusanya. Historia yake D.O. lazima aijue kidogo. Uliingia kwa Sheria ya Fedha ya 2023, Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema umekiuka Katiba, halafu Machi 2024 ikaja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu na kuuweka upya, safari hii ukigusa pia mapato ya wasioajiriwa. Na kabla ya huo kulikuwa na mwingine wa 2018, wakati wa Ajenda Nne Kuu, lengo likiwa nyumba 500,000 kufika 2022. Ule ulipigwa breki kortini ukaishia kuwa wa hiari. Lengo lilibaki vilevile kwa karatasi, 500,000, huku mfuko wake ukiwa umetoboka, na nyumba zilizotoka hazikukaribia huko. Ndo maana pembeni ya kila chanzo cha pesa naandika sheria inayokishikilia na mwaka wake. Sheria ikianguka, rudi kwa lengo ulitilie alama ya kuuliza siku hiyo hiyo.

Mfuko wa pili ni mkopo na misaada. Hapa mfano mzuri ni KISIP, ule mradi wa kuboresha makazi duni, ambao awamu yake ya pili ina pesa ya Benki ya Dunia na ya shirika la maendeleo la Ufaransa. KISIP haijengi nyumba. Inaweka barabara, mitaro, taa, na kushughulikia hati za ardhi. Lakini mtu akiona lami imeingia mtaani na payslipu yake imekatwa, anaunganisha hizo mbili, anasema "ona pesa yetu ya nyumba inajenga barabara". D.O. akijua mifuko ni tofauti analijibu hilo kwa nusu dakika.

Wa tatu ni mtaji wa wajenzi binafsi, nimeshausema. Wa nne ni pesa ya kawaida ya kodi kupitia bajeti. Na kuna ile CDF, ambayo watu wataitaja tu, hiyo ni pesa ya eneo bunge na mambo yake makubwa ni shule, basari na vitu vya usalama kama ofisi ya chifu, usiiweke kabisa kwa safu ya nyumba.

Hesabu ya kuweka lengo na pesa meza moja

Hii nilimfanyia yule D.O. nyuma ya bahasha na alinyamaza akiiangalia muda mrefu, kwa hivyo naiweka hapa yote.

Chukua mfanyakazi wa elfu 40 kwa mwezi. Anakatwa 600, mwajiri anaongeza 600, jumla 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka. Sasa tuseme nyumba moja kuijenga ni milioni 2, ni namba ya mfano tu, usiipeleke mahali. Gawa milioni 2 kwa 14,400, unapata wafanyakazi 139. Watu 139 wakikatwa mwaka mzima wanatoa nyumba moja.

Kenya ina wafanyakazi wa ajira rasmi kama milioni 3. Tuseme wote wanapata hiyo elfu 40. Milioni 3 mara 14,400 ni bilioni 43.2. Gawa kwa milioni 2, nyumba 21,600 kwa mwaka. Lengo ni 250,000.

Si kwamba mtu ameiba, na D.O. asiisome hivyo. Mishahara haifanani, wasioajiriwa pia wanatakiwa kulipa, wanunuzi wanarudisha pesa polepole na inaweza kuzungushwa ijenge zingine, na wajenzi binafsi wana mtaji wao. Lakini inakuonyesha kwamba ushuru peke yake haubebi hilo lengo, kwa hivyo sehemu kubwa imeegemea vile vitu vingine, na vile vingine ndo vina makadirio hafifu zaidi kwa jedwali. Ukiwa umechanganya rangi zako tatu huwezi kuona hili pengo. Ukizitenganisha inajitokeza yenyewe, na hapo ndo unaelewa kwa nini hii mipango inapenda kuandika "itawezesha".

Hatua ya sita: ukurasa mmoja, si sita

Yote hayo yashuke kwa karatasi moja, maandishi makubwa, juu baraza ni nje na si kila mtu amekumbuka miwani. Kwa upande wa kushoto lengo, katikati nani anafanya nini, kulia pesa. Kwa D.O. wa kufikirika aliye na mradi mmoja tu eneo lake, mistari yangu ingekaa hivi:

Lengo: taifa, nyumba 250,000 kwa mwaka (ukurasa fulani). Eneo letu, mradi mmoja, nyumba 400, umeanza, hakuna aliyehamia.

Mkakati: ardhi ya umma imeshatengwa. Mkandarasi anajenga. Maombi ya nyumba ni kwa Boma Yangu, ile tovuti ya serikali ya kujisajili. Ofisi ya D.O. ni kusaidia watu kujisajili na kusikiza malalamiko ya waliokuwa kwa hiyo ploti.

Pesa: ushuru wa nyumba, Sheria ya 2024. Mpango ngapi, Bunge ngapi, imetoka ngapi, ripoti ya robo gani.

Chini kabisa tarehe uliyoandika. Bila tarehe hiyo karatasi itafotokopiwa miaka mitatu na machifu wataisoma ikiwa imeoza.

Hatua ya saba: mfanye D.O. ajibu kabla ya siku yenyewe

Usimwachie karatasi uende. Kaa naye nusu saa uwe mwananchi mkali. Mimi humwuliza matatu na kwa kila moja namtaka aweke kidole kwa safu anayojibia.

"Hii pesa mnanikata, ndo naanza kulipia nyumba yangu?" Hapo wengi wanaweka kidole kwa safu ya lengo, kosa. Ni pesa. Jibu ni hapana, ushuru si akiba yako, anayetaka nyumba anajisajili na kuweka malipo ya kwanza yake mwenyewe, ambayo Sheria ya 2024 iliyaweka asilimia 10 ya bei. Kabla ya baraza thibitisha kama kiwango hicho bado ndo kinatumika.

"Mimi nauza mboga, sina payslipu, kuna yangu?" Hii ni ya mkakati. Sheria imegawa nyumba kulingana na mapato: walio chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni nyumba za jamii, kutoka 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu, juu ya hapo ni za tabaka la kati. Kwa hivyo mama mboga yumo kwa karatasi, lakini swali la kweli ni kama mradi wa hapa una nyumba za aina hiyo, na hilo D.O. anatakiwa awe ameuliza kwa mradi kabla ya baraza.

"Zitaisha lini?" Lengo. Na hapa ndo D.O. hujiponza, juu anataka kumfurahisha mtu. Kama tarehe haiko kwa karatasi asitunge. Aseme ujenzi uko hatua gani, atauliza, na atarudi na jibu kwa baraza lijalo, halafu chifu aandike hilo swali kwa kitabu palepale.

Yule D.O. wangu alipata baraza la pili baada ya miezi miwili. Mama yule yule, kiti kile kile, akauliza tena hapa kwetu ni ngapi. Akaangalia karatasi, akasema, "Hapa kwetu kwa sasa hakuna, mama. Mradi ulio karibu ni ule wa upande ule, na kujisajili ni bure, naibu wa chifu atakuonyesha tukimaliza." Kulikuwa na manung'uniko kidogo nyuma. Mama akaandika kitu kwa kikaratasi, halafu akauliza kuhusu taa za barabarani, na hiyo ni sura nyingine.